Vistari Viwili Chini ya Kivuli

Karatasi ya majibu ya hisabati imemfikia mwalimu kwa simu ikiwa imelala ubavu, na nusu yake ya chini imefunikwa na kivuli cha mkono wa aliyepiga picha. Swali ni x² + 5x + 6 = 0. Mwanafunzi ameandika x = −2 au x = −3, na amepata. Ila jibu limeangukia kwenye kivuli, na vile vistari viwili vya kutoa vimefifia kabisa. Vikipotea, anakosa alama zilizo haki yake.

Picha kulala ubavu si uzembe wa mtoto. Simu hujua upande wa juu kwa kuhisi mvutano wa dunia, na ikielekezwa chini juu ya meza, mvutano huo haielemei pande yoyote ya kioo. Basi simu hubahatisha.

Kazi ya kwanza, kwa hiyo, ni kuigeuza picha, na kuihifadhi ikiwa imegeuzwa. Asili ibaki kando bila kuguswa. Palipojaa maneno, upande wa juu hujulikana mara moja. Penye tarakimu tupu, 6 iliyopinduliwa husomeka 9, kwa hiyo ni salama zaidi kutafuta jina, namba ya swali au mstari wa pambizo.

Kivuli ndicho chenye mtego. Wengi hukimbilia kuongeza mwangaza wa picha nzima, na matokeo yake upande uliokuwa na nuru unaungua, maandishi ya penseli yanatoweka. Programu inayogeuza kila kitu kuwa cheusi au cheupe kwa kipimo kimoja nayo hulifanya eneo lote la kivuli kuwa doa jeusi.

Dawa inatokana na jinsi kivuli kinavyofanya kazi: hupunguza nuru ya karatasi na ya wino kwa kiwango kilekile. Tuseme, katika kipimo cha 0 hadi 255, karatasi penye nuru ni 220 na wino 55. Kwenye kivuli karatasi imeshuka hadi 88, na wino hadi 22. Pande zote mbili wino ni robo ya karatasi inayouzunguka. Programu nzuri ya kuskani hulinganisha kila nukta na weupe wa jirani zake, na kivuli huondoka huku maandishi yakibaki.

Hata hivyo, ukingo wa kivuli unaweza kuacha mstari wa uongo, na usafishaji mkali hufuta nukta ya desimali au kistari cha kutoa. Ndiyo maana mwalimu makini huweka picha mbili sambamba na kukagua alama ndogo kabla ya kushika kalamu nyekundu. Kama hata kwenye picha ya asili, ikikuzwa, kistari hakionekani, hakuna programu itakayokirudisha. Hapo huomba picha nyingine: karatasi karibu na dirisha, nuru itoke ubavuni, na mpigaji asisimame kati ya dirisha na karatasi.