Saa kumi ipi? Mkikata simu na mnunuzi, andika

Vijana wenzangu wa nyanya, hebu tuiangalie hii. Uko Ilula, mnunuzi anapiga simu Jumatatu kutoka Dar: "Gari litakuwa hapo Jumatano saa kumi, andaa matenga 60." Unajibu poa, mnakata simu.

Wewe kichwani una saa kumi jioni, kwa hiyo umewaita vibarua wavune Jumatano asubuhi. Dereva kichwani ana saa kumi alfajiri. Anafika giza bado, nyanya ziko kwenye miche, na hakuna aliyedanganya. Anapakia kwa jirani na kuondoka. Wewe unabaki na matenga 60 ya nyanya zilizoanza kuiva, na nyanya haisubiri.

Alfajiri ndiyo inayotuchanganya zaidi. Ukisema "usiku wa Jumatano", kwa wazee wengi siku inaanza jua likizama, kwa hiyo ni usiku unaofuata mchana wa Jumanne. Kijana wa mjini anahesabu usiku unaokuja baada ya mchana wa Jumatano. Hapo mmepishana saa 24 nzima.

Basi mkikata simu tu, kabla hujarudi kwenye mistari, tuma meseji. Mimi ningeandika hivi:

"Kaka, kama tulivyoongea: gari linafika shambani Jumatano tarehe 14, saa 10 alfajiri (04:00), usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Matenga 60. Nitavuna Jumanne mchana. Nithibitishie siku na saa, tafadhali."

Siku ina tarehe yake, kwa hiyo ukikosea moja, nyingine inakusuta. 04:00 imewekwa kwa sababu madereva wengi wanasoma saa hivyo kwenye simu. Neno "linafika" linaonyesha ni saa ya kufika, siyo ya kutoka Dar. Na hilo la kuvuna Jumanne lina kazi yake: kama yeye alimaanisha jioni, hapo atashtuka, "Mbona unavuna mapema hivyo?"

Alama za kusomwa siyo jibu. Hata "sawa" tupu mimi huiamini nusu, maana mtu anaweza kuijibu akiwa barabarani bila kusoma vizuri. Akirudisha mwenyewe "Jumatano alfajiri", hapo waite vibarua. Akikaa kimya mpaka jioni, mpigie.

Ratiba ikibadilika, usiandike "tusogeze mbele saa moja". Mmoja ataelewa mnachelewa, mwingine mnawahi, wa tatu atadhani gari linakuja saa moja asubuhi. Andika upya yote: "Ile ya saa 10 alfajiri imefutwa. Sasa ni Jumatano tarehe 14, saa 11 alfajiri (05:00)."

Meseji hii haimfungi mnunuzi kwenye bei wala haimzuii kughairi, hayo yanataka mkataba. Ila wote wawili mnajua gari linakuja lini, na msimamizi wako wa vibarua unamfowadia hiyohiyo bila kuongeza neno.