Usaili wa uandishi: 'Uvuvi Ujiji' bado si wazo la habari

Kwenye usaili wa uandishi unaweza kupewa dakika 30 utoe mawazo matatu ya habari. Wengi huandika "Uvuvi Ujiji", kisha wanaruka la pili. Mhariri akisoma anaona mada tu, habari hakuna.

Chukua mfano huu. Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane. Wazo linaanza ukiuliza: mama anayeanika dagaa Ujiji aliishi kwa mtaji gani miezi hiyo mitatu? Hapo kuna mtu, kuna muda na kuna swali. Ongeza utakaowahoji: yeye, mwenye mtumbwi na ofisa uvuvi. Sentensi tatu zinatosha.

Kisha linakuja swali linaloangusha wengi: "Picha za wavuvi kazini utapiga lini?" Ukijibu "usiku wa mbalamwezi, ziwa linapendeza", mhariri anayelijua ziwa atacheka. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo kabla hujataja tarehe, hesabu kwanza mwezi uko siku ya ngapi.