Kwa nini «ishruna kitaban»?

Mwanafunzi wa nahau ya Kiarabu anapofika kwenye mlango wa tamyizi, hushangaa. Vitabu vitatu ni thalathatu kutubin, lakini vitabu ishirini ni ishruna kitaban. Nomino ya pili imerudi umoja, na mwisho wake umekuwa -an, alama ya nasbu, hali ambayo kwa kawaida ni ya mtendwa. Nani kamtenda?

Jibu la wanazuoni wa Basra, tangu Sibawayhi, limo kwenye nuni ya ishruna. Neno lenye nuni au tanwini limeshakamilika, halipokei nomino ya kulimiliki. Nomino inayofuata haiwezi basi kuingia katika jarri, kama kutubin ilivyoingia baada ya thalathatu kupoteza tanwini yake. Inabaki nje, ikibainisha tu: ishirini za nini? Ndiyo maana ikafananishwa na mtendwa, ambaye naye huja baada ya kitenzi kutimia kwa mtendaji wake.

Vipimo vinathibitisha jambo hili vizuri. Ratili ya mafuta ni ritlun zaytan. Ondoa tanwini, nawe utalazimika kusema ritlu zaytin.

Kwa sifa, njia ni tofauti kidogo. Katika Zaydun akbaru minka sinnan, «Zaidi ni mkubwa kuliko wewe kwa umri», kilicho kikubwa hasa ni umri. Sifa imehamishiwa kwa Zaidi, na umri ukabaki nyuma kama ubainifu.

Wengi hukosea kwenye mia. Mi'atun haina nuni ya kudumu, kwa hiyo husemwa mi'atu kitabin, kwa jarri.