Hewa Inapogonga Kabari kwa Mach 2

Concorde ilipokuwa angani kwa Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti, injini zake hazikuwa na uwezo wa kuimeza hewa jinsi ilivyokuja. Kule juu, kilomita 18 hivi, baridi hufika digrii 56 chini ya sifuri na sauti husafiri mita 295 kwa sekunde. Hewa basi ilikuwa ikiingia kwa mita 590 kwa sekunde, ilhali injini inaitaka ije kwa takriban nusu ya kasi ya sauti. Kazi ya kuipunguza mwendo ilianzia kwenye mabamba yaliyoinama mdomoni mwa kila injini. Mabamba hayo yalibadilisha mwinamo kadiri ndege ilivyokwenda; hapa nachukua bamba moja tu, kabari ya digrii 10, ili tupige hesabu.

Kitu kinachokwenda polepole huitangulizia hewa habari, kwa kuwa msukumo wake husambaa mbele kwa kasi ya sauti. Kabari yetu inakwenda haraka kuliko habari zake. Hewa haijui lolote mpaka ifike kwenye wimbi la mshtuko, utando mwembamba kuliko karatasi unaoanzia kwenye ncha ya kabari na kulalia nyuma. Hapo ndipo inapokunjwa ghafla digrii 10 ili ifuate uso wa bamba.

Wimbi limelala kwa pembe gani? Fomula inayojibu iko hivi, θ ikiwa pembe ya kabari, β pembe ya wimbi, M namba ya Mach, na γ ni 1.4 kwa hewa:

```
tan θ = 2 cot β (M² sin² β − 1) / (M² (γ + cos 2β) + 2)
```

Kero yake ni kwamba inakupa θ ukiwa na β, nasi tunataka kinyume. Basi tunakisia. Nikiweka β digrii 35, napata kabari ya digrii 5.7, ambayo ni ndogo mno. Nikiweka 39 inatoka 9.7, nikiweka 40 inatoka 10.6. Jibu liko digrii 39.3. Pembe hii hupimwa kutoka uelekeo wa hewa inayokuja. Anayeipima kutoka uso wa kabari ataona 29.3 na kudhani amekosea. Kuna pia jibu la pili karibu na digrii 84, wimbi lililosimama karibu wima, lakini hilo hutokea pale tu hewa inapozuiwa sana huko nyuma. Kabari iliyo peke yake hewani hupata lile lililolala.

Sasa utamu wenyewe. Igawe kasi ya hewa sehemu mbili: moja inaligonga wimbi uso kwa uso, nyingine inateleza sambamba nalo. Wimbi linaigusa ya kwanza tu. Ya pili inapita kama ilivyo. Kwa hiyo kasi mpya ikigawanywa kwa ya zamani ni kosaini ya 39.3 juu ya kosaini ya 29.3, yaani 0.887. Mita 590 zimekuwa 523. Mgandamizo nao hutegemea ile sehemu inayogonga, ambayo ni 2 mara saini ya 39.3, sawa na Mach 1.27. Zidisha kipeo chake cha pili, 1.605, kwa 2.8, toa 0.4, gawanya kwa 2.4: inatoka 1.71. Hewa iliyokuwa na kilopaskali 7.5 sasa ina 12.8.

Kasi imepungua asilimia 11 tu, lakini hewa nayo imepata joto, kutoka digrii 56 chini ya sifuri hadi 20 chini ya sifuri, na sauti humo inakwenda mita 319 kwa sekunde. Ukigawa 523 kwa 319 unapata Mach 1.64. Bado ni juu ya sauti, na wimbi jingine lililosimama wima litamalizia kazi.

Kwa nini kuzunguka hivyo, wakati wimbi moja la wima lingeishusha hewa kutoka Mach 2 mara moja? Ni kwa sababu ya hasara. Ukiisimamisha hewa taratibu baada ya wimbi hilo moja, inarudisha asilimia 72 tu ya mgandamizo ambao ingeutoa bila mshtuko. Ikianza na kabari kisha wima, inarudisha asilimia 87 hivi.

Mbona basi tusiinamishe bamba zaidi? Kwa Mach 2, ukivuka digrii 23 fomula haitoi jibu lolote: wimbi hubanduka kwenye ncha na kusimama mbele yake likiwa limepinda. Kwa Mach 1.4 mpaka wenyewe ni digrii 9.4, kwa hiyo hata kabari yetu ya digrii 10 haitaliona wimbi lake likishika ncha hadi ndege iongeze mwendo.