Bastola ina makao mawili tu

Katika nyumba nyingi za Keumbu, mtoto ndiye anayetumwa. Anatumwa chaja iliyo juu ya kabati, kitambulisho kilicho chini ya godoro, pesa za ndizi zilizo kwenye mfuko wa koti la baba. Akifika miaka saba, anaijua nyumba kuliko fundi aliyeijenga. Kwa hiyo mwenye bastola ya leseni anaposema, “Nimeificha, watoto hawajui ilipo,” anasema jambo ambalo nyumba yake mwenyewe inalikanusha kila siku.

Kenya haimpi raia silaha bila cheti, na cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa wakati huo, Fred Matiang’i, mzaliwa wa Nyamira, aliagiza raia wote wenye silaha wajitokeze wakaguliwe upya. Ukaguzi kama huo humtazama mwenye silaha: yeye ni nani, ana akili timamu, silaha anaitakia nini. Lakini mtoto wa miaka minne hakaguliwi na bodi yoyote. Anayemkagua ni mzazi, na kifaa pekee cha kumkagulia ni kufuli.

Wazazi wengi hutegemea vitu viwili badala ya kufuli: maficho na maonyo. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lililopima vyote viwili. Waliwaweka wavulana 64 wa umri wa miaka 8 hadi 12, wawili wawili au watatu watatu, katika chumba ambamo bastola halisi isiyo na risasi ilikuwa imefichwa ndani ya droo. Wakawatazama kwa hadi dakika 15 kupitia kioo. Wavulana 48 waliipata, 30 waliishika, na 16 walivuta kifyatulio. Karibu nusu ya walioipata walidhani ni ya kuchezea, au hawakuwa na hakika. La kufikirisha zaidi ni kwamba zaidi ya tisa kati ya kila kumi walioishika walisema wamewahi kufundishwa usalama wa silaha. Walionywa, na bado mkono ulikwenda.

Basi tuanze na kabati lenyewe. Kabati la mbao lenye mlango wa kioo si hifadhi. Kufuli zake ndogo hutengenezwa kwa wingi, na ufunguo wa jirani unaweza kulifungua. Kinachohitajika ni sanduku la chuma lenye unene usiopungua milimita 2, ambacho ndicho kiwango cha kabati za bunduki nchini Uingereza. Bawaba ziwe za ndani, na komeo lijengwe ndani ya mlango badala ya kufuli ya kuning’inia kwenye pete zinazokatwa kwa msumeno. Fundi wa kuchomelea wa Kisii mjini anaweza kulitengeneza akipewa vipimo hivyo.

Chuma peke yake hakitoshi. Sanduku la bastola ni dogo, na lisipofungwa kwenye jengo mwizi hulibeba kwapani akalivunje kwake. Lazima litobolewe mgongoni au chini, lishikwe kwa bolti nne zinazokazwa kutoka ndani, ili mtu asizifikie mlango ukiwa umefungwa. Hapa nyumba zetu zina tatizo. Ukuta wa udongo haushiki bolti. Ikivutwa, udongo unakuja nayo. Tofali la kuchoma nalo hupasuka bolti ikitiwa karibu na ukingo. Penye kuta za namna hiyo, mahali bora ni sakafu ya zege. Kuna njia rahisi ya kujua kama kazi imekamilika: shika sanduku kwa mikono miwili ulivute kwa nguvu zako zote. Likitikisika hata kidogo, rudi kwa fundi.

Jambo la pili la hapa kwetu ni unyevu. Nyanda za Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na chuma kilichofungiwa gizani hushika kutu. Nalitaja hili kwa sababu kutu ndiyo inayowafanya watu waitoe bastola kabatini na kuiweka kwenye droo ya kitanda, “ipate hewa.” Dawa yake ni ndogo. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hunyonya maji na kuyashikilia juu ya chuma. Ifute, ipake mafuta kidogo, weka vifuko vya kukausha unyevu ndani ya sanduku, na uikague kila mwezi. Sanduku lisiegemee ukuta unaopigwa na mvua.

Risasi hazikai humo. Zinakaa katika sanduku la pili lenye kufuli yake, lisilofunguliwa na ufunguo wa kwanza, na ikiwezekana katika chumba kingine. Binadamu husahau, na siku moja sanduku moja litaachwa wazi. Zikiwa mbali, kosa hilo moja linampa mtoto chuma kisicho na moto, au risasi zisizo na mtutu. Ili madhara yatokee, makosa mawili yakutane siku moja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulilinganisha nyumba ambamo watoto na vijana walijiumiza kwa silaha na nyumba nyingine zenye silaha ambamo hilo halikutokea. Mambo manne yalihusiana, kila moja peke yake, na hatari iliyo ndogo zaidi: silaha kufungiwa, silaha kutokuwa na risasi ndani, risasi kuwekwa mbali, na risasi nazo kufungiwa.

Watu hukosea hapa kwa namna moja hasa. Wanachomoa magazini iliyojaa, wanaiweka kando ya bastola ndani ya sanduku lilelile, na kusema wametenganisha. Magazini yenye risasi ni risasi, na inarudishwa mahali pake kwa sekunde moja. Zitoe risasi zote, zihesabu, andika idadi kwenye karatasi ndani ya sanduku la risasi. Ukizihesabu siku ya ukaguzi wa kila mwezi na karatasi inasema 20 nawe unaona 19, umejua kuna jambo kabla halijawa msiba.

Sasa tuifuate bastola moja jioni moja. Tuchukue mfanyabiashara wa kubuni tu, mwenye cheti, anayenunua ndizi Keumbu na kuzisafirisha. Ni Desemba. Nyumbani ana binti wa miaka tisa, mvulana wa kumi na minne, na wapwa wawili waliokuja likizo kutoka Nairobi. Anaingia saa moja usiku akiwa amelowa. Binti anamkimbilia mlangoni: “Tata, nikuanikie koti?” Ni adabu njema, na kwa mtu mwenye bastola ndani ya koti ni dakika ya hatari kuliko zote. Jibu lake linapaswa kuwa lilelile kila siku: “Ngoja kwanza, mama. Nitakuletea mwenyewe.” Anapitiliza hadi chumbani, anafunga mlango nyuma yake, ndipo anaigusa silaha.

Pembeni ya sanduku ana debe la lita 20 lililojaa mchanga mkavu. Anaelekeza mtutu katikati ya mchanga, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Anachomoa magazini kwanza, kisha anavuta kifuniko cha juu nyuma ili risasi iliyo ndani ya chemba itoke. Mpangilio huu haubadilishwi. Akivuta kifuniko kabla ya kuchomoa magazini, risasi moja itatoka, na kifuniko kikirudi kitasukuma nyingine ndani, naye ataamini bastola ni tupu. Akikifungia kifuniko nyuma, anaitazama chemba, kisha anaipapasa kwa ncha ya kidole kidogo, maana taa ya chumbani inaweza kumdanganya. Bastola inaingia sanduku la kwanza, risasi zinakwenda la pili, akili inatulia, na sasa koti linaweza kuanikwa. Debe hilo linafaa kwa bastola. Risasi ya bunduki kubwa ina nguvu zaidi na haifai kulitegemea. Na bila debe hakuna upande salama katika nyumba ya mabati au udongo, kwa kuwa risasi hupita ukuta ikafika walikolala watoto.

Imebaki kufuli, na hapo ndipo mvulana wa miaka kumi na minne anapohesabika. Mtoto mdogo huzuiwa na chuma. Kijana huzuiwa na ufunguo tu, na ufunguo anaujua. Usiutie pamoja na funguo za gari, kwa sababu atatumwa kitu garini. Usiufiche kwenye kikombe cha juu ya rafu. Ukifichwa, umerudi kwenye maficho tuliyokwisha kuyakataa. Ukae mwilini mwa mwenye cheti. Kufuli ya namba huondoa shida hiyo, ila namba isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote nyumbani, na ibadilishwe mara tu ukihisi mtu amekuona ukiibonyeza. Vitufe vinne vikichakaa kuliko vingine, namba imejiandika yenyewe. Mke au kaka mkubwa nao wasipewe, hata kwa upendo: cheti ni cha mtu mmoja, na sheria inamtaka mwenye silaha asiiache ifikiwe na asiye na haki nayo.

Kwa kijana kuna sababu nyingine, nami naisema waziwazi. Siku za majonzi, matokeo mabaya ya mtihani au ugomvi mkali, fikira ya kujidhuru inaweza kuja na kupita ndani ya saa chache. Kufuli mbili humpa saa hizo. Mzazi akiona kijana amejitenga na kukata tamaa, silaha itoke nyumbani kabisa kwa muda. Aulize kituo cha polisi au muuzaji silaha mwenye leseni utaratibu wa kuikabidhi, na azungumze na mtoto usiku huohuo.

Najua pingamizi: mwizi akija usiku, nitaanza kutafuta funguo mbili? Ni swali la haki, kwa kuwa wengi walitafuta leseni kwa hofu hiyo. Lakini bastola iliyo chini ya mto haiko mikononi mwa mwenyewe; iko mikononi mwa yeyote atakayeamka kwanza, na katika nyumba yenye watoto anayeamka kwanza ni mtoto. Anayeona dakika moja ya kufungua ni nyingi mno, aongeze kwanza komeo la mlango, mbwa na taa ya nje. Vitu hivyo humpa dakika hiyo bila kumweka mtoto hatarini.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Bastola ina makao mawili tu: kiunoni mwa mwenye cheti aliye macho, au ndani ya chuma kilichofungwa, risasi zikiwa kwingine. Leo jioni, kabla ya kulala, mwenye silaha aiulize nyumba yake swali moja: ni watu wangapi hapa wanaweza kuifikia bila mimi? Jibu likizidi sifuri, asilale kwanza.