Wimbo mmoja, vinywa viwili: namna bluzi ilivyoingia katika rokenroli

Wengi wetu tunapotaja rokenroli tunafikiri juu ya vijana Wazungu wa Amerika wenye gita la umeme. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba muziki huo, ulipotokea katika miaka ya 1950, ulikuwa umekwisha kuimbwa na Wamarekani Weusi kwa jina jingine. Hatutapita katika historia yote. Tutachukua wimbo mmoja uliorekodiwa mara mbili mwaka wa 1954, na kuangalia kilichobaki na kilichobadilishwa. Wimbo huo ni "Shake, Rattle and Roll".

Tuanze na majina, maana sisi ni watu wa lugha. Hadi mwaka wa 1949 gazeti la biashara ya muziki Billboard liliweka santuri za Weusi katika orodha ya peke yake, chini ya jina lililomaanisha "santuri za rangi". Mwaka huo mwandishi wake Jerry Wexler alileta jina jipya, ridimu na bluzi. Jina lilibadilika, lakini orodha ilibaki ya peke yake. Maneno mawili yaliyounda "rokenroli", yaani kutikisika na kubingirika, yalikuwa ya zamani kwa Weusi. Yalitaja dansi na mambo ya kitandani, na tayari mwaka wa 1922 mwimbaji Trixie Smith alikuwa ameyatumia pamoja katika jina la wimbo. Baada ya mwaka wa 1951 mtangazaji wa redio Alan Freed, huko Cleveland, aliyaeneza kwa wasikilizaji Wazungu. Wengi wao waliyapokea kama jina la dansi tu.

Sasa tuone umbo la bluzi. Kiunzi chake cha kawaida kina vipimo 12, na kila kipimo kina mapigo manne. Anayeimba katika kwaya ataelewa upesi: vipimo vinne vya kwanza vinakaa kwenye akodi ya Do; viwili vinapanda kwenye Fa, viwili vinarudi Do; kisha kimoja cha Sol, kimoja cha Fa, na viwili vya mwisho vinapumzika tena kwenye Do. Akodi hizo tatu si ngeni kwetu. Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville (leo Likasi) mwaka wa 1952 akiimba kwa Kiswahili, alizitumia pia. Lakini katika gita la Katanga mzunguko ni mfupi na unarudi haraka, hali katika bluzi safari ni ndefu, na msikilizaji anangojea ifike mwisho.

Maneno yanafuata safari hiyo. Ubeti una mishororo mitatu. Wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia juu ya akodi ya Fa, na wa tatu unalijibu. Kila mshororo unajaza nusu tu ya vipimo vyake vinne. Nusu inayobaki ni ya ala: gita, piano au saksafoni inamjibu mwimbaji, kama vile waitikiaji wanavyomjibu kiongozi wa wimbo kwetu. Ridimu na bluzi ya miaka ya 1940 iliharakisha mwendo, ikaongeza saksafoni, na ngoma ikatia mkazo kwenye pigo la pili na la nne.

Tarehe 15 Februari 1954, huko New York, Big Joe Turner alirekodi wimbo wetu kwa kampuni ya Atlantic. Turner alikuwa amepita miaka 40. Alikuwa amejifunza kazi katika baa za Kansas City, ambako mwimbaji alihitaji kifua ili asikike juu ya ala zote. Mtunzi alikuwa Jesse Stone, Mweusi kama yeye, aliyetia sahihi kwa jina la Charles Calhoun. Beti zina ile mishororo mitatu, na kiitikio kinajaza vipimo 12 vilevile. Santuri ilifika nafasi ya kwanza katika orodha ya ridimu na bluzi.

Tarehe 7 Juni mwaka huohuo, Bill Haley akaurekodi kwa kampuni ya Decca. Haley alikuwa Mzungu aliyeanza na muziki wa wachunga ng'ombe, na msimamizi wake studioni, Milt Gabler, alikuwa amesimamia santuri za Louis Jordan, nyota Mweusi wa miaka ya 1940. Basi njia ilikuwa imekwisha tengenezwa. Haley aliacha vipimo 12 kama vilivyo, akaacha mishororo mitatu, akaacha saksafoni. Aliongeza gita linalolazwa na kupigwa kwa kipande cha chuma, na besi kubwa ya mti ambayo nyuzi zake zinavutwa na kuachiliwa zipige ubao. Vyote viwili vilitoka katika muziki wake wa kwanza.

Kilichobadilika zaidi ni maneno. Turner anaanza kwa kumwamsha mwanamke kitandani na kumtuma jikoni. Haley anaanza moja kwa moja jikoni: kitanda kimeondolewa. Turner anasifu nguo inayopitisha mwanga wa jua hata mwili uonekane. Kwa Haley, mwanamke amevaa vizuri na kusuka nywele, lakini moyo wake ni baridi. Redio za Wazungu zisingepokea maneno ya kwanza, na Haley alitaka kuuza kwa vijana wanaokaa kwa wazazi wao.

Hata hivyo usafishaji huo haukukamilika. Ndani ya wimbo kuna fumbo la paka mwenye jicho moja na duka la samaki. Ni picha ya tendo la ndoa, tena kali kuliko kile kitanda. Haley aliliacha, na redio zikalipiga. Waliosafisha walitafuta maneno yanayoonekana, nao hawakuitambua maana iliyovaa nguo nyingine. Wazee walisema kweli: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Santuri ya Haley iliingia katika orodha kuu, ile ya Wazungu, ikafika nafasi ya saba, na kuuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Nani alilipwa? Sheria ya Amerika ya mwaka wa 1909 ilimruhusu mtu yeyote kurekodi upya wimbo uliokwisha kutolewa, mradi mwenye haki za utunzi apate senti mbili kwa kila nakala. Kwa hiyo malipo yalifuata utunzi. Sauti ya Turner, namna yake ya kutupa maneno, na mpangilio wa ala katika santuri yake havikulindwa na sheria hiyo. Kila santuri ya Haley iliyouzwa haikumletea Turner kitu.

Hapo ndipo neno "kuathiri" linapotudanganya. Linafanya tufikiri bluzi ilikuwa upepo uliopita ukaacha harufu. Tukisikiliza santuri hizi mbili moja baada ya nyingine, tukihesabu hadi 12 na kufuata mishororo, tunasikia nyumba ileile: msingi, kuta na paa ni vya kwanza. Mpangaji mpya ameleta viti vyake viwili, akatoa kitanda, na kubandika jina jipya mlangoni.