Gramu 240 zinazopungua Nanyuki

Barabara inayoingia Nanyuki, Kenya, inavuka mstari wa ikweta. Mtu anayesimama hapo hahisi mwendo wowote, ilhali Dunia inambeba kuelekea mashariki kwa kasi ya mita 465 hivi kila sekunde, yaani karibu kilomita 1,670 kwa saa.

Mwendo huo ni wa mviringo, na kitu hakiwezi kuzunguka bila kuvutwa kuelekea katikati. Jiwe lililofungwa kamba huvutwa na kamba. Mtu wa Nanyuki huvutwa na mvutano wa Dunia. Kiasi kinachohitajika tunakipata kwa kuzidisha kasi kwa yenyewe, kisha kugawanya kwa nusu kipenyo cha Dunia, kilomita 6,378. Jibu ni mchapuko wa mita 0.034 kwa sekunde kwa sekunde.

Mvutano wa Dunia unaweza kumpa mtu mchapuko wa takriban mita 9.81. Sehemu ndogo, ile 0.034, hutumika kumgeuza ili afuate mviringo. Inayobaki ndiyo humkandamiza ardhini, na mizani husoma hiyo tu. Kwa hiyo hakuna nguvu mpya inayomrusha mtu juu. Kwa mtu wa kilo 70, mzunguko hupunguza gramu 240 hivi, chini ya glasi moja ya maji.

Kwenye ncha za Dunia mtu hujigeuza papo hapo bila kusafiri, kwa hiyo hapungukiwi. Mizani ya springi iliyorekebishwa huko ingemsoma mtu huyo pungufu kwa gramu 370 akiwa ikweta, kwenye usawa wa bahari. Gramu 130 zilizozidi zinatokana na umbo: Dunia imevimba kiunoni kwa sababu ya kuzunguka, hivyo mtu wa ikweta yuko mbali zaidi na kitovu chake.

Dalili ya kwanza ya tofauti hii ilionekana kwenye saa. Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Saa iliyokwenda sawasawa Paris ilichelewa huko dakika mbili na nusu hivi kwa siku, kwa kuwa pendulamu inayovutwa kidogo hubembea polepole. Baadaye Newton alitumia habari hiyo kuonyesha kwamba Dunia si tufe kamili.

Mnunuzi wa maharage asitarajie nafuu wala hasara kwenye mizani ya mawe, maana jiwe na maharage hupungua uzito pamoja. Tofauti hujitokeza kwenye mizani ya springi au ya kielektroniki, inayopima mkandamizo wenyewe. Ndiyo maana mizani nyeti ya sonara au ya maabara ikihamishwa kutoka Ulaya hadi ikweta hurekebishwa upya papo hapo, kwa kuwekewa jiwe la uzito unaojulikana.